Swali linaloulizwa sana si lile lenye neno linalojirudia sana

*"Nina chaneli ya YouTube ya ufugaji wa kuku chotara: video 14, maoni kama 1,200. Nataka kutengeneza video moja ya kujibu maswali yanayoulizwa sana. Nimehesabu maneno kwenye maoni yote, la kwanza likawa 'kuku', la pili 'asante'. Nikachuja yenye alama ya kuuliza, nikabaki na machache ambayo hayafanani na ninayoulizwa kila siku. Nipangeje maswali haya kwa wingi wake kwa kweli? Na nikishapata orodha, nichukue tu kumi ya juu?"*

Ndugu mfugaji, hicho kifaa chako cha kuhesabu maneno hakijakosea. Kimehesabu ulichokipa. Shida ni kwamba neno si swali, na kwa Kiswahili umbali kati ya hivyo viwili ni mkubwa.

Tazama watu wanavyouliza bei. Mmoja anaandika "bei gani". Mwingine "sh ngapi", mwingine "mnauzaje", mwingine "kifaranga kimoja kinakwendaje", na wa mwisho "naomba bei kaka". Hao ni watu watano wenye swali moja, lakini kwenye orodha ya maneno wametawanyika, na wawili tu ndio wamekutana kwenye neno "bei". Sasa geuza upande wa pili, uchukue neno "chanjo". Mtu wa kwanza anauliza, "Chanjo ya kideri wanapewa siku ya ngapi?" Wa pili anaandika, "Nimewapa chanjo zote na bado wanakufa." Neno ni lilelile, maswali ni mawili yasiyokaribiana. Wa kwanza anahitaji ratiba. Wa pili anahitaji kuelezwa kwa nini chanjo inaweza kushindwa: huenda chupa ilikaa kwenye joto njiani, au ilichanganywa na maji ya bomba yenye klorini inayoua virusi hai vya chanjo, au kuku walikuwa tayari wameambukizwa siku walipochanjwa. Ukiwaweka kapu moja kwa sababu ya neno moja, utamjibu mmoja na mwingine ataondoka na njaa yake.

Alama ya kuuliza nayo haikusaidii sana. Kiswahili kinauliza kwa "-je" iliyogandishwa kwenye kitenzi, kwa "naomba kujua", kwa "nielekeze", na mara nyingi kwa malalamiko tu. "Wangu wanaharisha nyeupe" ni swali kamili ingawa halina alama yoyote. "Na sisi wa Kigoma?" ina alama, lakini anachouliza ni kama unasafirisha vifaranga, neno ambalo hakuliandika kabisa. Ndiyo maana hata kichujio cha `Contains questions` kilichomo YouTube Studio usikitegemee peke yake. Kitumie kuonja, kisha usome mwenyewe.

Kipimo ninachotumia ni hiki: maswali mawili ni swali moja ikiwa jibu moja, lilelile neno kwa neno, lingewatosheleza waulizaji wote wawili. Usiangalie walichoandika. Fikiria ungewajibu nini. Kipimo hiki kinakata mzizi wa ubishi mwingi. "Joto la vifaranga liwe kiasi gani?" na "Taa niwashe hadi wafikishe wiki ngapi?" yanaonekana mawili, lakini ukijibu la kwanza vizuri, kwamba unaanza na nyuzi kama 33 wiki ya kwanza na kupunguza karibu tatu kila wiki hadi watakapoweza kukaa bila taa, umejibu na la pili. Hilo ni swali moja.

Sasa tuingie kazini. Maoni 1,200 yanasomeka yote na mtu mmoja kwa jioni tatu nne, kwa hiyo usitafute njia ya kukwepa kuyasoma. Unachohitaji ni kuyapata mahali pamoja, kwenye jedwali. Fungua jedwali jipya la Google Sheets, ingia `Extensions`, kisha `Apps Script`. Kwenye `Services` ongeza `YouTube Data API v3`, halafu bandika hii:

```javascript
function vutaMaoni() {
  const mistari = [];
  let ukurasa = '';
  do {
    const r = YouTube.CommentThreads.list('snippet', {
      allThreadsRelatedToChannelId: 'ID_YA_CHANELI',
      maxResults: 100,
      textFormat: 'plainText',
      pageToken: ukurasa
    });
    r.items.forEach(u => {
      const m = u.snippet.topLevelComment.snippet;
      mistari.push([m.publishedAt, u.snippet.videoId,
        m.authorDisplayName, m.textDisplay, m.likeCount]);
    });
    ukurasa = r.nextPageToken;
  } while (ukurasa);
  SpreadsheetApp.getActiveSheet()
    .getRange(1, 1, mistari.length, 5).setValues(mistari);
}
```

Weka kitambulisho cha chaneli yako, kile kinachoanza na `UC`, mahali palipoandikwa `ID_YA_CHANELI`. Ukiiendesha, safu ya A itakuwa na tarehe, B video, C jina la mwandishi, D maoni yenyewe, na E idadi ya waliobonyeza kupenda. Safu ya F iache wazi, hiyo ni ya mkono wako. Kila ombi linaleta maoni 100, kwa hiyo chaneli yako inakamilika kwa maombi kama 12 tu, na kiwango cha bure cha siku ni kikubwa kuliko hapo kwa mbali. Fahamu kwamba inaleta maoni ya juu tu, si majibu yaliyo chini yake. Kwa kazi hii inatosha, maana chini huwa kuna "hata mimi" na salamu. Futa mistari yako mwenyewe. Kisha pitia pia maoni yaliyozuiliwa kusubiri ukaguzi ndani ya Studio, kwa sababu mtu akiandika swali pamoja na namba yake ya simu, huenda limekwama huko na hujawahi kuliona.

Anza kusoma maoni 200 yaliyochanganywa, si 200 ya juu, maana ya juu yanaweza kuwa ya video moja. Kila unapokutana na swali, liandikie jina fupi kwenye safu ya F: `bei`, `chanjo-ratiba`, `chanjo-imeshindwa`, `joto-vifaranga`. Kwenye ukurasa wa pembeni andika kila jina na jibu lake kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo itakayokusaidia usiku wa tatu, ukiwa umechoka, usianze kutupia kila chenye neno "chakula" kwenye kapu moja. Maoni yenye maswali mawili yapewe mistari miwili, nakili mstari na kila mmoja upate jina lake. Asante na dua ziachwe wazi. Ukiona umesoma maoni kama 50 mfululizo bila kuhitaji jina jipya, orodha yako ya majina imeiva, na yaliyobaki ni kupanga tu.

Kwa yaliyobaki unaweza kujisaidia kwa kutafuta shina la neno badala ya neno zima:

```
=REGEXMATCH(LOWER(D2), "chanj|chanz")
```

Hiyo inakamata "chanjo", "nichanje", "wamechanjwa", na hata walioandika "chanzo" kwa kuteleza. Itakamata pia anayeuliza chanzo cha ugonjwa, kwa hiyo itumie kukusogezea mistari karibu ili uisome. Jina la swali liamuliwe na jicho lako.

Halafu hesabu, na hapa ndipo wengi wanapopotea baada ya kufanya kazi nzuri yote hiyo. Usihesabu maoni. Hesabu watu, kisha hesabu video.

```
=COUNTUNIQUEIFS(C:C, F:F, "chanjo-ratiba")
=COUNTUNIQUEIFS(B:B, F:F, "chanjo-ratiba")
```

Fomula ya kwanza inakupa idadi ya watu tofauti waliouliza. Kuna mtazamaji mmoja kwenye kila chaneli anayeuliza jambo lilelile chini ya kila video hadi ajibiwe, na ana haki yake, lakini ni mtu mmoja. Fomula ya pili inakupa idadi ya video ambazo swali hilo limeonekana chini yake. Hii ya pili ndiyo namba ninayoithamini zaidi, na sababu yake inaonekana vizuri kwa mfano.

Tuseme baada ya kupanga, hesabu zako zinakuja hivi (namba ni za kujaribia tu, zako zitakuwa nyingine). Bei, watu 118, kwenye video zote 14. Mahali ulipo na namba ya simu, watu 74, video 13. "Wanakufa, niwape dawa gani", watu 63, video 10. Ratiba ya chanjo, watu 52, video 9. Vipimo vya kuchanganya chakula, watu 47, lakini video 2 tu. Wanaanza kutaga lini, watu 31, video 11. "Nimechanja na bado wanakufa", watu 28, video 8. Joto la vifaranga, watu 22, video 7.

Angalia lile la chakula. Kwa kuhesabu watu pekee lingekuwa la tano na ungelipa dakika zako bila kusita. Lakini watu 47 kutoka video mbili, na tuseme 44 kati yao wako chini ya video moja ya kuchanganya pumba, mashudu na dagaa, wanakuambia jambo jingine kabisa: video ile ina tundu. Ulisema "weka mashudu kiasi" na hukutaja kilo. Dawa yake ni kubandika vipimo juu ya maoni ya video ile leo hii, kazi ya dakika tano. Lile la kutaga lina watu wachache zaidi, lakini limejitokeza kwenye video 11, hata zile za banda na za vifaranga ambako hukugusa mayai kabisa. Mtu anayeuliza mayai chini ya video ya banda amekuja na swali lake kutoka nyumbani. Hilo ndilo swali la video unayoipanga.

Kwa hiyo swali lililorundikana sehemu moja ni kasoro ya sehemu hiyo, na lililosambaa ni la watazamaji wako kwa ujumla. Orodha iliyopangwa kwa watu peke yake inaficha tofauti hii. Pia inaipendelea mno video yako iliyotazamwa zaidi, maana yenye watazamaji wengi ina maoni mengi ya kila aina.

Usigombanie nafasi zinazokaribiana. Kati ya watu 31 na 28 hakuna mshindi. Kwa hesabu ya aina hii, namba inaweza kuyumba kwa bahati tu kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili: kwa 31 ni kama watano au sita juu au chini. Wiki mbili zijazo hao wawili wangeweza kubadilishana viti. Gawa orodha kwa madaraja: yale yanayoulizwa mno, yanayoulizwa mara kwa mara, na ya hapa na pale. Ndani ya daraja moja chagua kwa sababu nyingine.

Idadi ya waliopenda swali iache kwenye safu yake. Usiijumlishe na watu. Swali linalokaa juu hupendwa kwa sababu linaonekana, na kadiri linavyopendwa ndivyo linavyozidi kukaa juu. Ila lina funzo moja: anayekuta swali lake limeshaulizwa hubonyeza kupenda na kuondoka bila kuandika, kwa hiyo swali lenye maoni machache na kupendwa sana linaweza kuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Mimi hutumia safu hiyo kuamua kati ya mawili yaliyo daraja moja.

Hali kadhalika, swali ulilokwisha kulijibu kwa maoni yaliyobandikwa juu litaonekana limekufa. Halijafa, umelizima. Ukilisahau kwa sababu hesabu inasema sifuri, utatengeneza video ya maswali isiyo na swali ulilokuwa ukiulizwa kuliko yote. Maswali ya mwaka juzi nayo yatazame kwa tarehe: kama yote ya jambo fulani yamekoma kabla ya video uliyolieleza, limeshajibiwa.

Sasa lile swali lako la kumi ya juu. Hapana, usichukue kumi ya juu. Rudi kwenye mfano: mawili ya kwanza ni bei na mahali, na hayo si ya video. Bei ya kifaranga inabadilika, na video inabaki. Miezi sita baadaye utakuwa unabishana kwenye maoni na mtu aliyesikia bei ya zamani kwa sauti yako mwenyewe. Hayo yaweke kwenye maelezo ya kila video na kwenye maoni yaliyobandikwa, mahali unapoweza kubadilisha mstari mmoja. Niliwahi kufanya kosa hilo kwenye chaneli ya ushonaji niliyokuwa naisaidia: tulifungua video ya maswali na bei ya vitambaa, na kwa muda mrefu swali lililoulizwa zaidi chini ya video hiyo lilikuwa "bado ni bei hiyo?" Tulikuwa tumejibu swali moja na kuzaa jingine.

La tatu, "wanakufa, niwape dawa gani", ni kubwa na ni gumu. Watu 63 wanaonekana wanauliza jambo moja, lakini lipitishe kwenye kile kipimo cha jibu moja, na utaona halipiti. Kuharisha kweupe kwa kifaranga wa siku tano na shingo kupinda kwa kuku mkubwa si ugonjwa mmoja. Jibu moja la "wape dawa fulani" litamfaa mmoja na kuwapotezea wengine pesa na kuku. Swali la namna hii unaweza kuliingiza kwenye video, lakini kwa sura nyingine: mambo gani ya kuangalia na kuandika kabla ya kumpigia mtu wa mifugo. Umri wa kuku, wangapi wamekufa na kwa siku ngapi, kinyesi kikoje, walichanjwa nini na lini. Hapo umewajibu wote 63 bila kujifanya unaona kuku ambao huwaoni. Na anayeandika kwamba wanakufa wengi kwa siku moja asisubiri video yoyote. Aende kwa afisa mifugo wa kata yake siku hiyohiyo, na ikiwezekana kuku aliyekufa muda si mrefu apelekwe kupasuliwa. Hilo lijibu moja kwa moja chini ya maoni yake.

Ukitoa hayo, video yako ni hii: ratiba ya chanjo, kwa nini chanjo hushindwa, wanaanza kutaga lini, joto la vifaranga, na lile la kutambua dalili. Ni matano, na yanatosha dakika kumi na mbili hivi ukiyapa nafasi. La joto lina watu wachache kuliko wote hapo, na bado nisingeliacha, kwa sababu linahitaji jicho: vifaranga waliorundikana chini ya taa wana baridi, waliokimbilia ukutani huku midomo wazi wana joto. Maandishi hayawezi kuonyesha hilo kama picha ya sekunde kumi.

Mpangilio ndani ya video nao usifuate hesabu kama mtumwa. Ukiacha lile la dalili, ratiba ya chanjo ndiyo yenye wengi, ianze. Lakini "kwa nini zimeshindwa" lifuate papo hapo hata kama kutaga kuna watu watatu zaidi, maana aliyetoka kusikia ratiba ndiye anayejiuliza hilo. Tia alama za sura kwenye maelezo ya video: ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila sura isipungue sekunde 10. Majina ya sura yaandike kwa maneno ya watazamaji wako. Rudi kwenye safu ya D uone wengi wanasemaje. Wakisema "kideri" kuliko "mdondo", andika kideri. Maneno yao ndiyo wanayotafutia pia.

Kabla hujarekodi, mpe mtu mwingine, hata mdogo wako anayejua kuku kidogo, maoni 100 yasiyo na majina yako ya safu ya F, pamoja na ule ukurasa wa majibu ya sentensi moja. Apange peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwenye zaidi ya 15 hivi, tazameni mmetofautiana wapi. Mara nyingi ni jina moja au mawili yanayoingiliana, na ukiyarekebisha hesabu inatulia. Ikiwa huna wa kumpa, subiri wiki moja, uyapange tena hayo 100 mwenyewe bila kuchungulia. Utashangaa unavyotofautiana na wewe wa wiki iliyopita.

Na ile `Apps Script` ikikataa, angalia kwanza kama umeongeza ile huduma ya `YouTube Data API v3` na kama kitambulisho ni cha chaneli, si cha video. Kama bado inagoma, kaa na kijana yeyote anayejua kuandika programu. Ni kazi ya nusu saa, ila afanyie kwenye kompyuta yako huku ukitazama, na usimpe nywila ya akaunti yako.